UZI: Imparfe au pase kompoze? Mbona "saa nzima" imepata na "dakika ishirini" imekosa?

#1 Zuhura_Kisauni
Wakuu, habari za jioni. Nasoma Kifaransa ngazi ya B1 hapa Mombasa na hili zoezi la kujaza aya limenikaba koo. Maelekezo yanasema tuweke vitenzi kwenye moja ya nyakati mbili zilizopita, imparfe au pase kompoze, basi. Aya yenyewe hii:

> Ce matin-là, il (1. pleuvoir) sur Mombasa. J'(2. attendre) le matatu depuis une heure quand il (3. arriver) enfin. Il (4. être) plein, mais je (5. monter) quand même. Pendant vingt minutes, une vieille dame me (6. regarder) sans rien dire. Puis elle (7. se lever) et, tout à coup, je (8. comprendre) : je la (9. connaître). C'(10. être) mon ancienne institutrice. J'(11. avoir) honte, parce que je ne la (12. saluer) pas.

Namba 2 niliweka *attendais*, nikapata. Mtu kangoja saa nzima, jambo refu, imparfe. Namba 6 nikafuata hesabu ile ile: bibi kamkodolea mtu macho dakika ishirini, hilo nalo ni refu, nikaweka *regardait*. Nikapigwa mkasi. Majibu yanataka *m'a regardée*. Namba 11 pia nimekosa, niliweka *avais*, wao wanataka *ai eu*. Nimemuuliza mwalimu, akasema "utazoea". Nani anaweza kunieleza saa nzima na dakika ishirini zinatofautiana nini?

#2 Mtukutu254
Saa moja ni refu, dakika ishirini ni fupi. Uzi ufungwe.

#3 Bakari_Nyundo
Mtukutu kajibu kimzaha lakini hayuko mbali na ukweli. Sisi tulifundishwa hivi: kitendo kirefu imparfe, kitendo kifupi cha ghafla pase kompoze. Mvua inanyesha, refu, *il pleuvait*. Matatu ikafika, fupi, *il est arrivé*. Ukienda hivyo unapata zoezi lote ukiacha moja mbili. Nafikiri namba 6 wamekosea kuchapa majibu.

#4 MwalimuMstaafu
Nyundo, hawajakosea kuchapa. Kanuni ya urefu ndiyo inayoponza wanafunzi wengi kuliko zote, maana inapata mara nyingi kiasi cha kuaminika, halafu inakutupa pale penye maksi. Hebu tazama: *Louis XIV a régné soixante-douze ans.* Miaka 72 ya utawala, pase kompoze. Upande wa pili: *À ce moment-là, il ouvrait la porte.* Kufungua mlango ni sekunde mbili, imparfe. Urefu wa jambo hauamui kitu.

Zuhura, acha kwanza kupima muda, angalia neno lililosimama mbele ya muda. Namba 2 ina *depuis*. Namba 6 ina *pendant*. Unaposema *j'attendais depuis une heure quand…*, msomaji amewekwa katikati ya kungoja. Saa imeshahesabika mpaka hapo, na kungoja bado kunaendelea wakati matatu inatokea. Mwisho wake hatujauona. Unaposema *pendant vingt minutes*, umefunga pande zote mbili: kutazama kulianza, kukachukua dakika ishirini, kukaisha. Jambo lililofungwa hivyo linahesabiwa kuwa tukio moja kamili, likachukua nafasi yake kwenye foleni ya matukio, ndiyo maana sentensi inayofuata inaanza na *puis*.

Ndiyo maana hata kungoja kule kule ukikutaja kwa namna nyingine kunabadilika: *J'ai attendu une heure, puis le matatu est arrivé.* Mvua ile ile, kituo kile kile, saa ile ile. Kilichobadilika ni mahali unapomsimamisha msomaji.

#5 Zuhura_Kisauni
Shukrani sana mwalimu. Kwa hiyo kanuni ni *depuis* = imparfe, *pendant* = pase kompoze? Niandike ukutani?

#6 Mtukutu254
Andika na rangi ya mafuta kabisa dada.

#7 Inarunda_Buja
Usiandike ukutani bado. Mimi nafundisha Kifaransa hapa Bujumbura, na kila mwaka napata wanafunzi waliokuja na orodha ya maneno kama hayo. *Hier* ni pase kompoze, *souvent* na *toujours* ni imparfe, *soudain* ni pase kompoze. Orodha hizo zinasaidia wiki ya kwanza, halafu zinakuwa mzigo.

Chukua *pendant* yenyewe. *Chaque matin, elle me regardait pendant vingt minutes.* Hapo ni imparfe na ni sahihi kabisa, kwa sababu dakika ishirini zimefungwa kwa siku moja moja, lakini mazoea ya kila asubuhi hayajafungwa. *Chaque matin* imeifunika *pendant*. Tena angalia *pendant que*, hilo ni jambo jingine: *pendant que j'attendais, il a plu*. Wanafunzi wanaona *pendant*, wanaweka pase kompoze bila kuona ile *que* nyuma yake.

*Toujours* nayo: *J'ai toujours aimé ma grand-mère.* Hier nayo: *Hier, il faisait chaud.* Ukiwa na ukuta wa maneno, hizi zote zitakupiga mkasi.

#8 Bakari_Nyundo
Sasa maneno hayaaminiki, urefu hauaminiki. Mnataka mtu ajibu mtihani kwa kupiga ramli?

#9 Dereva_wa_Arusha
Salaam wadau. Mimi naendesha watalii, Kifaransa changu ni cha njiani, sijui mambo ya mtihani. Ila nimekuja kuongeza. Mwenzangu mmoja kila jioni akiwasimulia wageni yaliyotokea mbugani anasema *nous voyions trois lions, nous voyions un léopard*. Wageni wanakaa kimya wanamtazama, wanasubiri. Siku moja mama mmoja Mfaransa akamuuliza, *et alors? qu'est-ce qui s'est passé?* Yaani yeye kamaliza hadithi, wao wanaona bado haijaanza! Kwa hiyo ushauri wangu kwa mleta uzi, ukiongea na watalii tumia *nous avons vu* kwa kila kitu, utaeleweka.

#10 Mtukutu254
Dereva, swali ni la kujaza aya, hakuna simba humo. Labda kama huyo mwalimu wa zamani kwenye matatu ni simba.

#11 MwalimuMstaafu
Mtukutu, mwache Dereva, kaleta mfano mzuri kuliko yangu. Ule ukimya wa wageni ndio somo lenyewe. Imparfe peke yake ni kama pazia la nyuma kwenye jukwaa la maigizo: linaonyesha mahali, hali ya hewa, nani kakaa wapi. Pazia likishatundikwa watazamaji wanasubiri waigizaji watoke. Mwenzake Dereva alitundika mapazia mawili akashuka jukwaani.

Ila ushauri wa kutumia *nous avons vu* kwa kila kitu una tatizo la upande wa pili. *Nous sommes arrivés, les lions ont dormi* inasikika kana kwamba simba waliona gari ndipo wakalala.

#12 Dereva_wa_Arusha
Hahaha wengine kweli wanalala wakiona gari. Ila nimekupata mzee.

#13 Asha_wa_Pemba
Naomba niingie na njia yangu, mimi hii ndiyo iliyonivusha. Ihadithie aya kwa Kiswahili, tena kwa kuisema kwa sauti kama unamhadithia mtu barazani, usiiandike. Halafu sikiliza ulimi wako unatia nini.

Asubuhi hiyo *mvua ilikuwa inanyesha*. *Nilikuwa nikingoja* matatu kwa saa nzima, hatimaye *ikafika*. *Ilikuwa imejaa*, lakini *nikapanda* hivyo hivyo. Bibi mmoja *akanitazama* dakika ishirini bila kusema neno. Kisha *akasimama*, na ghafla *nikaelewa*…

Kila penye -ka- weka pase kompoze. Kila penye "ilikuwa ina-" au "nilikuwa niki-" weka imparfe. Namba 6 ulimi wangu umetia -ka- wenyewe, sikuulazimisha. Na namba 11, *nikaona haya*. Kwa hiyo *j'ai eu honte*, majibu yako sahihi. Wazungu wanahangaika miaka na jambo hili, sisi tunalo mdomoni tangu utotoni.

#14 Bakari_Nyundo
Hii sasa ndiyo kanuni! Mbona hamkusema mapema? Aya nzima imejazika.

#15 Inarunda_Buja
Asha, njia yako ni nzuri sana, na nitaiiba. Ila ina mashimo mawili ambayo mtu akiyajua mapema hataanguka.

La kwanza ni kitenzi "kuwa". Sema kwa Kiswahili: nilikuwa mgonjwa wiki mbili. Ulimi umetoa "nilikuwa", utakimbilia *j'étais malade*. Kifaransa kinataka *j'ai été malade pendant deux semaines*, kwa sababu wiki mbili zimeifunga. Vivyo hivyo "tulikuwa Kigoma siku tatu", *nous avons passé trois jours à Kigoma* au *nous sommes restés*. Kiswahili "-likuwa" inabeba yote mawili na sikio halikuonyi.

La pili ni kukanusha. "Sikumsalimia" haina -ka- wala "nilikuwa". Inaweza kuwa *je ne l'ai pas saluée*, inaweza kuwa *je ne la saluais pas*, na hata kitu cha tatu. Ukifika kwenye kikanushi, Kiswahili kinanyamaza, inabidi urudi kwenye maana. Na angalia namba 12 ya Zuhura iko hapo hapo.

#16 Asha_wa_Pemba
Hilo la "nilikuwa mgonjwa" nakubali, limenigusa. La kukanusha nasema mtu anaweza kugeuza akasema kwa kukubali kwanza, akaona inataka nini, halafu akaikanusha. *Nikamsalimia*, basi *je l'ai saluée*, basi *je ne l'ai pas saluée*.

#17 Inarunda_Buja
Mara nyingi itafaa. Namba 12 haitafaa, na nitasema kwa nini wengine wakishatoa maoni.

#18 Kivu_Kwetu
Habari zenu wote. Mie ni wa Bukavu, Kifaransa nimekisoma tangu darasa la kwanza na kanuni hizi sikuwahi kuzisikia. Ukiniuliza namba 6, sikio linasema *m'a regardée*, *me regardait* na *pendant vingt minutes* vinagongana, njo hivyo tu. Siwezi kueleza.

Lakini mnachosema kuwa tukio kamili lazima liwe pase kompoze si kweli. Fungua gazeti lolote la kwetu siku ya uhuru utakuta: *Le 30 juin 1960, le Congo devenait indépendant.* Tarehe ipo, tukio ni moja, limeisha siku hiyo, na ni imparfe. Na watangazaji wa mpira pia: *à la dernière minute, il marquait le but de la victoire*. Goli ni goli moja! Mwalimu Mstaafu atasemaje hapo?

#19 Mtukutu254
Mwalimu kafungwa dakika ya mwisho.

#20 MwalimuMstaafu
Sijafungwa, nilikuwa nakunywa chai. Hiyo imparfe ya magazeti ipo na ni Kifaransa safi. Mwandishi anachukua tukio ambalo angeweza kuliweka kwenye pase kompoze, analifungua makusudi ili msomaji asimame ndani yake, alione likitokea kwa uzito. Angalia masharti yake lakini: karibu kila mara inatangulizwa na tarehe au wakati uliotajwa waziwazi, *le 30 juin 1960*, *deux jours plus tard*. Tarehe ndiyo inayolishika tukio lisielee. Ukiondoa tarehe, *le Congo devenait indépendant* inageuka kuwa Kongo ilikuwa njiani kupata uhuru, labda isiupate.

Kwenye zoezi la B1 mtu asijaribu. Anayesahihisha ana karatasi ya majibu mkononi, hana muda wa kujiuliza kama umeandika kwa mtindo wa gazeti au hukuelewa.

#21 Kivu_Kwetu
Sawa mwalimu. Lakini basi si sheria ya lugha, ni sheria ya karatasi ya majibu.

#22 MwalimuMstaafu
Sehemu yake, ndiyo. Sikatai.

#23 Juma_Ujanja
Nyie mnafundishana falsafa. Mimi nawapa mbinu ya mtihani. Angalia kistari cha juu! Aya imeandika *J'(2. attendre)* na *C'(10. être)*, lakini *je (5. monter)* na *je la (9. connaître)*. Aliyetunga ana jibu kichwani. *C'* inamaanisha *c'était*, maana pase kompoze ingekuwa *ça a été*. *Je la* inamaanisha *connaissais*, maana pase kompoze ingekuwa *je l'ai connue*, angeandika *l'*. Unasoma kistari, unajaza, unaenda nyumbani.

#24 Zuhura_Kisauni
Aisee! Hii sikuwahi kuiwaza.

#25 Inarunda_Buja
Na usiiwaze tena. Juma, ijaribu kwenye namba 8: imeandikwa *je (comprendre)*, bila kistari. Kwa mbinu yako jibu ni *je comprenais*. Jibu sahihi ni *j'ai compris*. Namba 6 imeandikwa *me*, jibu ni *m'a*. Watungaji wengi wanaandika kiwakilishi kwa jinsi kinavyokaa mbele ya kitenzi kilichomo kwenye mabano, hawaangalii jibu. Kwa *c'était* mbinu imebahatisha, na ukweli *c'était* ungeipata bila kistari.

#26 Juma_Ujanja
Mbili kati ya nne si haba.

#27 Bakari_Nyundo
Hiyo hata kurusha shilingi inafikia. Turudi kwenye hoja. Namba 9 mimi nimeiweka *je l'ai connue*. Nikaona *tout à coup*, nikaelewa, nikamfahamu. -Ka- ya Asha. Mbona majibu yanasema *connaissais*?

#28 Asha_wa_Pemba
Hapana Nyundo, umehadithia vibaya. Soma tena: nikaelewa kwamba *namfahamu*, namfahamu tangu zamani. Kufahamu hakukuanza pale kwenye matatu, kulikuwapo, ila mwenyewe hakuwa amegutuka. -Ka- ni ya kuelewa tu. Na ukiweka *je l'ai connue* umebadilisha hadithi: inakuwa ndipo mlipojuana kwa mara ya kwanza. *Je l'ai connue à l'école*, nilijuana naye shuleni, hiyo sawa.

#29 Inarunda_Buja
Asha amemaliza. Na *savoir* ina tabia hiyo hiyo: *je savais* nilikuwa najua, *j'ai su* nikapata kujua. Vitenzi vya hali vikiingia pase kompoze mara nyingi vinaonyesha hali inaanza, au inaingia kwa ghafla.

Na hapo tumefika namba 11.

#30 Zuhura_Kisauni
Ndiyo, namba 11 jamani, ile ndiyo iliyoniuma zaidi. Mtu ana haya, haya ni hali, hali ni imparfe, na juu yake kuna *c'était*. Kwa nini nimekosa?

#31 MwalimuMstaafu
Hesabu matukio ya aya kwenye kidole. *Est arrivé*, *suis montée*, *m'a regardée*, *s'est levée*, *ai compris*. Halafu hadithi inasimama kidogo kueleza: *je la connaissais, c'était mon ancienne institutrice*. Baada ya maelezo, hadithi inaendelea, na kitu kinachofuata kutokea ni haya kumwingia. *J'ai eu honte*, haya zikanipata. Ni tukio la sita.

Ukiweka *j'avais honte*, umeendeleza maelezo. Msomaji anadhani haya zilikuwapo muda wote, labda tangu bibi alipoanza kumtazama. Hilo lingegongana na hadithi, maana hakuwa amemtambua bado. Angeona haya za nini?

#32 Kivu_Kwetu
Mie napinga. *C'était mon ancienne institutrice. J'avais honte.* Sikio langu halioni tatizo lolote. Yuko ndani ya matatu, bibi kasimama mbele yake, yeye ana haya, hajui afanye nini. Tunamwona akiwa ndani ya haya. Nani kasema haya lazima zianze kwenye sentensi ile? Zinaweza kuwa zimeanza sekunde moja nyuma, kwenye *j'ai compris*.

#33 Inarunda_Buja
Kwa hili niko na Kivu. Ningekuwa nasahihisha mimi, Zuhura angepata namba 11. Sentensi zote mbili ni Kifaransa, zinasimulia tofauti kidogo. Zoezi lenye pengo moja na jibu moja haliwezi kuonyesha hivyo. Hilo ni tofauti na namba 6, ambapo *me regardait* inagongana na maneno yaliyochapwa kwenye sentensi yenyewe.

#34 MwalimuMstaafu
Na mimi ningempa nusu. Aya inamalizika pale. Ukimalizia na *j'avais honte* umeacha hadithi inaning'inia, msomaji anangoja nini kikatokea, kama wageni wa Dereva.

#35 Kivu_Kwetu
Waandishi wengi wanamaliza na imparfe makusudi ili hadithi ining'inie!

#36 MwalimuMstaafu
Waandishi ndiyo. Watahiniwa hapana.

#37 Mtukutu254
Nimekaa na karanga hapa, endeleeni.

#38 Dereva_wa_Arusha
Swali la mjinga. Hiyo namba 5, *je suis monté*, mimi nasikia wageni wakisema *j'ai monté*. Ipi?

#39 Asha_wa_Pemba
Zote zipo. Ukipanda mwenyewe, *je suis monté dans le matatu*. Ukipandisha kitu au ukipanda kitu kilichotajwa moja kwa moja, *j'ai monté les valises*, *j'ai monté l'escalier*. Zuhura, na wewe ni mwanamke kwa hiyo *montée* na e, na *m'a regardée* na e ya pili vile vile kwa sababu aliyetazamwa ni wewe. Watu wanachagua wakati sahihi halafu wanapoteza maksi kwenye hiyo e.

#40 Zuhura_Kisauni
Hiyo niliweka. Namba 12 niliandika *je ne l'ai pas saluée*, nikapata tiki. Lakini Inarunda alisema kuna jambo hapo.

#41 Inarunda_Buja
Jibu zuri zaidi la namba 12 halimo kwenye maelekezo. Fikiria mpangilio: kwanza hukumsalimia, zikapita dakika ishirini, ukamtambua, ndipo haya zikakupata. Kutosalimia kuko nyuma ya haya. Ukiwa tayari uko kwenye wakati uliopita na unataka kurudi nyuma zaidi, Kifaransa kina pluskeparfe: *parce que je ne l'avais pas saluée*. Ndiyo sababu nilimwambia Asha njia yake haitafaa hapo. Kiswahili safi chake kingekuwa "kwa kuwa sikuwa nimemsalimia".

*Je ne l'ai pas saluée* utaisikia kwenye mazungumzo na watu hawatashangaa. *Je ne la saluais pas* ndiyo mbaya kabisa hapo, inaleta maana kwamba ulikuwa na mazoea ya kutomsalimia. Lakini mtunzi aliyesema "imparfe au pase kompoze tu" halafu akaweka sentensi inayodai wakati wa tatu, hakuisoma aya yake mpaka mwisho.

#42 Bakari_Nyundo
Sasa mwanafunzi afanyeje kwenye chumba cha mtihani? Aandike pluskeparfe wakati maelekezo yanakataza?

#43 MwalimuMstaafu
Aandike pase kompoze, afuate maelekezo. Halafu kama kuna sehemu ya kuandika insha, pale ndipo aonyeshe anajua pluskeparfe.

#44 Inarunda_Buja
Mimi ningeandika *ne l'avais pas saluée* na nikubali kukosa.

#45 Mtukutu254
Huyo ndiye mwalimu wa kweli. Wanafunzi wake sijui.

#46 Asha_wa_Pemba
Kwa wale wa DELF B1, mtihani wenyewe hauna haya mapengo. Unaandika mwenyewe, maneno 160 au zaidi, na mara nyingi wanataka usimulie jambo. Ndiyo maana mimi napenda kuhadithia kwa sauti, maana kule hakuna mabano ya kukusaidia. Kosa linaloonekana haraka kwenye insha ni moja: soma vitenzi vyako tu, ruka mengine yote, vya pase kompoze peke yake. Kama vikisomwa mfululizo havitoi hadithi inayoeleweka, kuna tukio umelificha kwenye imparfe. Kwa aya ya Zuhura: ikafika, nikapanda, akanitazama, akasimama, nikaelewa, nikaona haya. Inasomeka.

#47 Kivu_Kwetu
Toa "nikaona haya", bado inasomeka 😄

#48 MwalimuMstaafu
Kivu, tutakutana kwenye insha.

#49 Salma_Maskati
Salaam kutoka Maskati. Nimefuata uzi wote, ahsanteni. Na mimi nina yangu imenishinda: *Chaque été, nous (aller) chez ma tante à Zanzibar. Un été, elle (tomber) malade et nous (rester) à Mascate. Ma mère (pleurer) tous les soirs.* Tatu za kwanza nimeweka *allions*, *est tombée*, *sommes restés*. Ya nne nimeweka *a pleuré* kwa sababu ni ndani ya ule mwaka mmoja uliofungwa. Majibu yanasema *pleurait*.

#50 Inarunda_Buja
*Tous les soirs* ni mazoea ndani ya ule msimu, na hakuna kinachosema yaliishia wapi. *Pleurait*. Ila ungekuta *Cet été-là, ma mère a pleuré tous les soirs*, ningekupa. Hapo *cet été-là* inaufunga msimu wote na kulia kunahesabiwa jumla.

#51 Salma_Maskati
Lakini *un été* si ndiyo hiyo hiyo *cet été-là*?

#52 Kivu_Kwetu
Ndiyo. Sikio langu linapokea zote mbili.

#53 Inarunda_Buja
*Un été* imekaa kwenye sentensi ya nyuma yake. Mpaka sentensi ya tatu, nguvu yake imeshapungua.

#54 MwalimuMstaafu
Imepungua wapi, Inarunda? Nukta inapunguza nguvu tangu lini? Ningemkubalia Salma.

#55 Bakari_Nyundo
Mzee aliyemnyima Zuhura *j'avais honte* leo anamkubalia Salma. Wakuu, fungueni uzi mwingine wa Maskati, huu umeshajaa.